Simu ya Picha za Kukata: Ipi Inunuliwe Kigoma?

Mpiga picha wa Kigoma anayetengeneza mabango ya mahafali na kadi za harusi hununua simu iliyotumika akitarajia kwamba hali ya Portrait itamkatia mtu kutoka kwenye mandharinyuma. Matarajio hayo hutimia kwa sehemu tu, na simu hutofautiana kwa namna zinavyopima umbali.

Ninaipa nafasi ya kwanza iPhone XS ya mwaka 2018 au iPhone 11 ya mwaka 2019. Kamera zake mbili za nyuma hulinganisha mahali kila kitu kinapoonekana, kisha huhifadhi ndani ya faili ramani ya umbali, ambako kilicho karibu hutengwa na kilicho mbali. Ramani hiyo ni ndogo kuliko picha: katika picha yenye upana wa nukta 4032, huenda ikawa na upana wa nukta 768 tu, hivyo nukta yake moja hufunika takriban tano za picha, na unywele mwembamba hupotea. Kwa sababu hiyo simu hizi huhifadhi pia barakoa ya mtu, yaani picha inayoonyesha umbo lake tu, iliyo kubwa zaidi, ambayo hufuata kingo za nywele na nguo vizuri zaidi.

Chukua mfano wa bibi harusi aliyesimama mchangani ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Maji yaliyo nyuma yake yako mbali, kwa hiyo mabega na kichwa hutengana nayo kwa urahisi. Miguuni mambo hubadilika, kwa kuwa mchanga anaoukanyaga uko umbali uleule na viatu vyake: ukichagua umbali wa viatu, unabeba na mchanga. Hapo ramani haina msaada, na ukingo wa kuanzia magotini kwenda chini afadhali uukate kwa mkono.

Nafasi ya pili ni iPhone XR. Kamera yake ya nyuma ni moja, lakini hutambua mtu na kumtengenezea barakoa nzuri. Anayepiga picha za keki au samani asiinunue, kwani Portrait yake hutaka mtu.

Ya mwisho ni simu za bei nafuu zinazotangaza kamera ya kina, yaani ya kupima umbali, ya megapikseli 2. Nyingi hutia ukungu moja kwa moja kwenye picha, na ukungu huo ukishaingia kwenye kingo za nywele hautoki.

Kabla ya kulipa, mpige picha mtu mwenye rasta au misuko, mkono mmoja kiunoni, kisha fungua Edit na ushushe namba ya f, inayoongeza ukungu wa nyuma kadiri inavyoshuka, hadi 1.4. Uwazi kati ya mkono na kiuno ukibaki angavu ilhali ukuta wa nyuma una ukungu, simu imeuhesabu uwazi huo kuwa sehemu ya mwili.

Ukihamishia picha kwenye kompyuta ya Windows kwa waya, chagua kwanza Keep Originals katika mipangilio ya Photos, ili faili lisigeuzwe njiani. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ramani haifiki.