Kubadilisha neno katika Visual Studio Code: moja moja, kwenye sehemu au folda nzima?

Naandika miongozo ya watumiaji kwa Kiswahili, faili za Markdown zikiwa ndani ya folda moja, na kihariri changu ni Visual Studio Code. Kina njia tatu za kubadilisha maneno. Nilivyoona mimi, anayeandika Kiswahili hachagui njia kwa kuangalia neno limejirudia mara ngapi. Anaangalia ngeli.

Tuseme mhariri anataka "mteja" awe "mtumiaji" kila mahali. Yote mawili yako ngeli ya A-WA, kwa hiyo "mteja huyu ameingia" inakuwa "mtumiaji huyu ameingia" bila kugusa kitu kingine. Hapo folda nzima inafaa. Nabonyeza `Ctrl+Shift+H`, nawasha kitufe cha `.*` ili kutafuta kwa ruwaza, kisha naandika mstari wa kwanza kwenye kisanduku cha juu na wa pili kwenye cha chini:

```
\b(m|wa)teja\b
$1tumiaji
```

Alama ya `\b` ni mpaka wa neno. Mabano yanashika "m" au "wa", na `$1` inairudisha ilivyokuwa, hivyo umoja na wingi vinapita kwa mkupuo mmoja. Kitufe cha `Aa` kikiwa kimezimwa, hata "Mteja" wa mwanzo wa sentensi anatoka salama, maana kilichoshikwa ni "M" yenyewe. Kinachoharibika ni kichwa kilichoandikwa MTEJA kwa herufi kubwa tupu: kinatoka "Mtumiaji".

Kabla ya kubofya `Replace All`, nabofya tokeo mojamoja kwenye orodha. Faili inafunguka pande mbili, ilivyo sasa na itakavyokuwa. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi katika kihariri hiki. Ninachosaka hapo ni viungo vya picha kama `![](picha/mteja.png)`. Kwa ruwaza ile, mkwaju na nukta ni mipaka ya neno, kwa hiyo kiungo kinakamatwa. Kitabadilishwa, lakini picha yenyewe itabaki na jina la zamani, na msomaji hataiona. Tokeo la namna hiyo naliondoa kwa alama ya x iliyo pembeni yake, na halitaguswa. Tena nahakikisha kazi yote imeshawekwa kwenye Git, kwa sababu mabadiliko yanaingia hata kwenye faili ambazo sijazifungua. Baadaye `git diff --word-diff` inanionyesha neno kwa neno. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida faili zilizotajwa kwenye `.gitignore` hazitafutwi kabisa.

Sasa badala ya "mteja", agizo liwe "mfumo" kuwa "programu". Mambo yanageuka. Maneno "mfumo huu umesasishwa" yakibadilishwa kwa mkupuo yanatoka "programu huu umesasishwa", na "mifumo" haiguswi kabisa kwa kuwa haina "mfumo" ndani yake. Hapa natumia `Ctrl+H` ndani ya faili moja na kwenda tokeo kwa tokeo. `Enter` kwenye kisanduku cha chini inabadilisha na kusogea mbele. Nikitaka kuruka bila kubadilisha, nabonyeza `F3`. Baada ya kila badiliko narudi kwenye maandishi kurekebisha "huu" na "umesasishwa", kisha naendelea.

Kinachochosha ni sentensi zinazofuata. "Mfumo umefungwa. Ukifunguka tena, ingiza nenosiri." Sentensi ya pili haina neno "mfumo", kwa hiyo hakuna utafutaji utakaoionyesha, ilhali "ukifunguka" lazima iwe "ikifunguka". Nimejizoeza kusoma hadi mwisho wa aya kabla ya kugusa `F3`. Ni polepole, lakini sijaona njia ya mkato.

Kubadilisha ndani ya sehemu iliyochaguliwa nakutumia mara chache, ila kunaposaidia hakuna mbadala. Kwa mfano, kwenye sehemu ya muda wa nenosiri "siku" inapaswa kuwa "saa", huku sehemu nyingine za faili hiyohiyo zikibaki na siku zake. Nachagua aya zinazohusika, nabonyeza `Ctrl+H`, kisha `Alt+L`. Nawasha na `Alt+W` ili "sikukuu" isigeuke "saakuu". Ukichagua maneno ya mstari mmoja tu, kihariri hudhani hayo ndiyo unayotafuta na kuyaingiza kwenye kisanduku cha juu. Chagua mistari miwili au zaidi. Mimi nimeweka `editor.find.autoFindInSelection` iwe `multiline`, na `Alt+L` siihitaji tena nikichagua aya nzima. Shida yake ni moja: kihariri kikisema `No results` na neno unaliona kwa macho yako, kwa kawaida ni kwamba utafutaji bado umefungiwa ndani ya aya ulizochagua.