Uzoefu wangu na polietilini mbili zenye densiti moja

Nilinunua chembe za polietilini za aina mbili kwa ajili ya mashine yangu ya kupuliza filamu, nikitegemea kwamba zingeweza kubadilishana nafasi. Karatasi za vipimo zilionyesha densiti ileile ya gramu 0.920 kwa sentimita ya ujazo, na zote mbili zilitiririka gramu 1 kwa dakika 10 katika nyuzi 190 chini ya uzito wa kilo 2.16. Ya kwanza ilitengenezwa kwa radikali huru katika shinikizo kubwa, na ya pili kwa kichocheo cha titani katika shinikizo dogo, etilini ikichanganywa na hekseni kidogo, molekuli ya kaboni sita. Baada ya kuzitumia kwa miezi kadhaa, naona ni vifaa viwili tofauti kabisa, na tofauti yenyewe imo katika matawi ya minyororo.

Katika njia ya shinikizo kubwa, etilini hubanwa hadi angahewa 1,000 hadi 3,000 hivi, na peroksidi au oksijeni huanzisha radikali. Ncha ya mnyororo unaokua haina kinachoishikilia, hivyo mara nyingi hujikunja na kunyakua haidrojeni kutoka kaboni iliyo nyuma yake kidogo, kisha ukuaji huendelea kutoka pale na kuacha tawi fupi la kaboni nne. Wakati mwingine hunyakua haidrojeni ya mnyororo mwingine, na hapo huota tawi refu linaloweza kukaribia urefu wa mnyororo wenyewe. Kichocheo cha titani hakiruhusu hayo: kila molekuli ya etilini hushikwa kwanza na atomi ya titani, kisha huingizwa kati yake na mnyororo. Etilini peke yake hutoa mnyororo ulionyooka, wenye densiti inayofikia 0.96. Hekseni ndiyo iliyoishusha hadi 0.920, kwa kuwa kila molekuli yake huacha tawi la kaboni nne. Kwa hiyo matawi mafupi ya vifaa vyangu viwili yanafanana sana, na yote huzuia minyororo kujipanga katika fuwele. Ndiyo maana densiti imelingana. Matawi marefu, ambayo densiti haiyaonyeshi, yamo katika kifaa kimoja tu.

Mashine iliyaona mara moja. Kile cha shinikizo kubwa kilipita bila shida, na puto, yaani mrija wa plastiki laini unaojazwa hewa unapotoka mdomoni mwa mashine, lilisimama imara, kwa sababu matawi marefu hunasana plastiki inapovutwa ikiwa bado imeyeyuka, na kila inapovutwa inazidi kukaza. Kile cha kichocheo kilipandisha mzigo wa mota, uso wa filamu ukatoka na mikwaruzo midogo kama ngozi ya papa, na puto likayumba. Kipimo cha gramu 1 kilikuwa kimenidanganya, maana hupimwa kwa mwendo wa polepole sana. Ndani ya skrubu mwendo ni mkali, na hapo yenye matawi marefu hulegea kuliko ile iliyonyooka. Nililazimika kupanua mwanya wa mdomo wa mashine kutoka milimita 0.8 hadi 2 na kuongeza upepo wa kupoza.

Filamu zilipotoka, hukumu iligeuka. Kwa unene wa mikroni 40, ile ya shinikizo kubwa ilikuwa angavu zaidi, lakini nilipoisukuma kwa kidole ilivutika kidogo ikapasuka. Ile ya kichocheo ilirefuka sana kabla ya kutoboka, nami nikaweza kuishusha hadi mikroni 25 kwa mifuko ileile. Minyororo yake mirefu isiyo na matawi makubwa hupita kutoka fuwele moja hadi nyingine na kuzifunga pamoja. Zaidi ya hayo, kichocheo cha aina hii hakigawi hekseni sawasawa: baadhi ya minyororo hupata matawi mengi, na mingine karibu haina, na hiyo hutengeneza fuwele nene. Kwa hiyo kilele cha kuyeyuka kilikuwa karibu nyuzi 123, dhidi ya 110 za kile cha shinikizo kubwa, na mashine ya kuziba mifuko ilihitaji joto zaidi. Anayepokea chembe zisizo na alama anaweza kuzitofautisha kwa kilele hicho.

Sasa nachanganya asilimia 20 ya ile ya shinikizo kubwa ndani ya ile ya kichocheo. Kiasi hicho hutuliza puto na kurudisha ung'avu kiasi. Nilipojaribu asilimia 40, puto lilitulia vizuri zaidi, ila filamu ilianza kuchanika kwa urahisi kuelekea upande inakovutwa, kwa kuwa matawi marefu hubaki yamelala upande huo filamu inapoganda, na mfuko ukitobolewa na kona ya kitu kigumu, mpasuko hukimbia hadi chini.