Wiki mbili kabla ya mtihani wa termodinamiki: mada kwa mada, au aina za maswali?

Mpango wa kwanza unafuata silabasi: sifa za mvuke, sheria ya kwanza, entropia, kisha mizunguko. Unamfaa ambaye majedwali bado yanamtatiza, ila mizunguko, yenye maswali marefu, huangukia siku za mwisho.

Wa pili huanza na siku nne za majedwali na mizania ya nishati, kisha maswali ya turbini, kompresa na mzunguko mzima kwa zamu. Mimi nauchagua huu. Chukua mvuke wa MPa 3 na 400°C unaopanuka hadi kPa 10 bila entropia kubadilika: s = 6.92, sf = 0.65, sfg = 7.50 (zote kJ/kg·K), hivyo x = 6.27/7.50 = 0.84. Swali moja, mada tatu! Ukipata x inayozidi 1, mvuke haujaanza kuwa maji. Hamia jedwali la mvuke uliopashwa zaidi.