STEP au STL kwa fundi wa Gerezani?

Ukimpelekea fundi wa mashine pale Gerezani kikombe cha beringi chenye tundu la milimita 40, mpe mchoro wake wa kompyuta katika faili la STEP, si la STL. STEP hubeba namba pamoja na kizio chake, na duara hubaki duara. STL hubeba namba tupu na pembetatu: tundu likigawanywa pande 24, katikati ya kila upande huingia ndani milimita 0.17, na beringi inagoma kuingia. Halafu kipande cha inchi 2 kinaweza kufunguka kama milimita 2! Kikuze mara 25.4, kipimo kitarudi, duara halirudi. Kwa printa ya 3D, STL yatosha, ila kabla ya kuhifadhi weka kosa la mkunjo, yaani umbali ambao pembetatu zinaruhusiwa kuachana na duara halisi, liwe milimita 0.01.