Uzoefu wangu na seti ya matengenezo ya HP LaserJet P4015: kaunta ilisema bado, fyuza ikasema tayari

Ofisi yetu inachapa mitihani na fomu za wanafunzi, na kazi hiyo inafanywa na printa moja, HP LaserJet P4015, tuliyoinunua ikiwa imetumika. Siku printa hiyo ilipofika ofisini nilichapa ukurasa wa taarifa zake (menyu ya INFORMATION, kisha PRINT CONFIGURATION) nikaona kwamba ilikuwa imekwisha kuchapa kurasa 318,412, na kwamba tangu matengenezo ya mwisho zilikuwa zimepita kurasa 93,198. Nilifurahi, kwa sababu mtengenezaji wa printa hii ameweka kiwango cha kurasa 225,000 kati ya seti moja ya matengenezo na nyingine, hivyo nilihesabu kwamba tulikuwa na zaidi ya nusu ya safari mbele yetu.

Kabla sijaendelea, nieleze seti yenyewe ina nini, kwa kuwa wengi huichanganya na katriji ya tona. Katriji kubwa ya printa hii, CC364X, hukadiriwa kurasa 24,000, maana yake utabadilisha katriji kama tisa kabla zamu ya seti haijafika. Seti hugusa vitu ambavyo katriji haivigusi: fyuza, ambayo huyeyusha unga wa tona ukashika kwenye karatasi, roli ya uhamishaji, ile nyeusi ya sponji inayovuta tona kutoka kwenye drum kuja kwenye karatasi, roli ya trei ya kwanza, na roli nane ndogo za mpira za kuvuta karatasi kutoka trei nyingine. Ndani ya boksi kuna pia kifaa kidogo cha kunasia roli ya uhamishaji na jozi ya glavu. Drum, leza na mota havimo, kwa hiyo asitokee mtu akadhani kwamba seti hii inafanya printa kuwa mpya.

Kurasa kama 23,000 baada ya kuinunua, maandishi yalianza kupukutika. Ukipitisha kidole gumba juu ya ukurasa uliotoka sasa hivi, herufi zilifutika na kidole kikabaki cheusi. Wakati huohuo trei ya pili ilianza kushika karatasi mbilimbili, au kushindwa kabisa kushika hata moja, na paneli ikawa inaonyesha kukwama kwa karatasi mara kadhaa kwa siku. Ujumbe wa PERFORM PRINTER MAINTENANCE, ambao ndio dalili rasmi ya kufikia kurasa 225,000, haukuwa umeonekana, na ndiyo maana mwanzoni niliilaumu tona.

Niliamua kupima badala ya kubahatisha. Nilianza kuchapa ukurasa mmoja, nikafungua kifuniko cha juu karatasi ikiwa katikati ya safari, kabla haijafika kwenye fyuza, kisha nikaitoa taratibu. Picha juu ya karatasi hiyo ilikuwa nzuri na kamili, ingawa unga wake ulikuwa bado mbichi, jambo ambalo ni la kawaida hapo. Basi katriji na roli ya uhamishaji zilikuwa zinafanya kazi yake, na tatizo la kupukutika lilikuwa mbele zaidi, yaani kwenye fyuza.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu na kutoa 93,198 kwenye 318,412. Jibu lilikuwa 225,214. Kumbe kaunta ilirudishwa sifuri mara tu ujumbe ulipotokea, na swali likabaki moja: je, waliorudisha walibadilisha vifaa, au waliondoa ujumbe tu ili usiwasumbue? Roli za trei ya pili zilijibu. Zilikuwa zinang'aa na laini kama kigae, hazina hata alama ya mikwaruzo ambayo mpira mpya huwa nayo, na hazikufanana na roli zilizofanya kazi ya kurasa laki moja na kidogo. Tulipotoa fyuza baadaye tulikuta utando wake mwembamba umechanika upande mmoja. Kwa hesabu hiyo, fyuza tuliyokuwa tukiilaumu ilikuwa imepitisha kurasa zaidi ya 340,000. Kaunta hii huhesabu kurasa tu. Haijui kama fyuza imebadilishwa, inajua tu kwamba mtu amebonyeza kitufe.

Ununuzi wa seti ulitaka kutuponza. Muuzaji wa kwanza alituletea CB388A, ambayo ni ya umeme wa volti 110, wakati sisi tunahitaji CB389A ya volti 220. Boksi zinafanana na roli zilizomo ni zilezile, ila fyuza ni tofauti, na fyuza ya 110 ikipata umeme wetu wa 230 kipasha joto chake hupewa nguvu zaidi ya mara nne ya ile iliyokusudiwa. Soma namba kwenye boksi, kisha fungua boksi usome na ile iliyobandikwa kwenye fyuza, kwa sababu boksi sahihi linaweza kubeba kitu kisicho sahihi.

Kazi ya kubadilisha ilinichukua kama saa moja, na nusu yake ilikuwa kusubiri fyuza ipoe baada ya kuzima printa na kuchomoa waya. Fyuza hutolewa kwa nyuma: unafungua mlango wa nyuma, unabana vishikio vya bluu vya pande zote mbili na kuvuta moja kwa moja. Roli ya uhamishaji iko chini ya katriji, na hapo glavu zina kazi, kwani mafuta ya vidole yakigusa sponji yake huacha madoa kwenye kurasa. Roli za trei huchomoka kwa kubana vimeno vya plastiki, na zangu zilinitoa jasho kuliko fyuza, kwa kuwa mbili zilikuwa zimegandana na vumbi la karatasi.

Mwishoni kaunta hurudishwa sifuri kwa mkono. Unazima na kuwasha, na kiasi cha kumbukumbu, yaani namba yenye MB, kinapotokea kwenye paneli unabonyeza na kushikilia kitufe cha OK mpaka taa zote tatu zimetemeta mara moja na kubaki zikiwaka. Unakiachia, unabonyeza mshale wa juu mpaka uone NEW MAINTENANCE KIT, kisha OK. Utaratibu huo ni uleule ambao mmiliki wa zamani aliufuata, tofauti ikiwa ni kwamba yeye hakuwa na boksi pembeni.

Tangu hapo tumechapa kurasa zaidi ya 60,000. Maandishi hayafutiki kwa kidole na trei ya pili haijashika mbilimbili. Malalamiko yangu ni bei tu, ambayo kwetu ilizidi nusu ya thamani ya printa yenyewe. Nimewakataza wenzangu kurudisha trei karatasi za zamani zenye pini, kwa sababu pini moja inatosha kupasua utando wa fyuza hata ikiwa na siku mbili. Na juu ya fyuza mpya, upande usiopata joto, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe niliyoifunga na jumla ya kurasa za siku ile, kwa sababu jumla hiyo hairudishwi sifuri na menyu hii.