Mlangoni pa harusi Lamu: orodha ya karatasi au kadi ya kuskani?

Tuseme waalikwa ni 300, na wengi wanafika ndani ya nusu saa, baada ya Isha. Kutafuta jina kwenye karatasi kukichukua sekunde 20, orodha moja hupitisha watu 90 tu. Unahitaji meza nne, kila moja na herufi zake. Kuskani msimbo wa QR kukichukua sekunde 6, simu moja inawamaliza wote.

Lakini msimbo unathibitisha kadi, haumthibitishi mtu. Picha yake ikisambazwa kwa WhatsApp, anayetangulia anaingia na mwalikwa halisi anaambiwa kadi imeshatumika. Hapo ndipo foleni huganda. Na simu za kuskani zikiwa mbili bila mtandao wa kuzioanisha, wote wawili wanaweza kuingia.

Karatasi nayo ina taabu yake, hasa huku kwetu: kina Mohamed Ali wanaweza kuwa watano. Ongeza jina la babu na tarakimu nne za mwisho za simu, na umuulize mgeni azitaje mwenyewe, usimsomee. Kitambulisho kiombwe penye shaka tu, kwenye meza ya pembeni, ili wengine wasisimame. Meza hiyo iweke hata ukiskani.

Kwa gharama na uhakika umeme ukikatika, karatasi inashinda. Wageni wakiwa wazee wengi wasio na simu janja, ningechukua karatasi. Wakiwa vijana na mlango ni mmoja mwembamba wa kichochoroni, ningeskani, nikiwa na orodha iliyochapishwa mkononi.