Maikromita zetu: tulipeleka nje, tukajaribu ndani, na tulipoishia

Karakana yetu iko Dar es Salaam, mafundi 7, lethi 3 na mashine moja ya kusaga shafti. Kazi kubwa ni shafti na bushi za mashine za kusaga nafaka na za viwanda vidogo vya chakula. Vifaa vya kupimia si vingi: maikromita 6, venia 4, dayo geji 2, spana moja ya toki na geji ya presha ya kompresa. Kwa miaka mitatu swali langu limekuwa moja: ugezi wa vifaa hivi, kalibresheni kama tunavyosema kila siku, nilipie maabara ya nje au niweke kijimaabara changu? Nimejaribu njia zote mbili, na naandika kwa ajili ya mwenye karakana kama yangu.

Nilianza na nje, kwa sababu mteja mmoja mwenye cheti cha ISO 9001 alituambia wazi kwamba bila vyeti vya vipimo hatupati kazi. Nikaulizia, nikapata maabara iliyokuwa nafuu, nikafunga vifaa vyote kwenye boksi. Vilikaa huko siku 17. Muda huo wote tulifanya kazi kwa maikromita mbili za kuazima, na kazi za usahihi tukazisogeza mbele. Vikarudi na stika safi, kila kimoja na cheti chenye muhuri. Nilifurahi, nikaweka vyeti kwenye faili. Kuvisoma sikuvisoma, na hapo ndipo nilipokosea.

Miezi minne baadaye shafti ikarudi. Ilikuwa ya beringi 6208, ambayo tundu lake ni milimita 40. Mchoro wa mteja ulidai k6, maana yake shafti iwe kati ya 40.002 na 40.018. Beringi ilikuwa imepata moto mpaka grisi ikayeyuka na kutoka nje. Tukatengeneza shafti ya pili kwa uangalifu zaidi, ikasoma 40.012, karibu na katikati ya kiwango. Baada ya siku chache simu ikapigwa tena: beringi inachemka. Mteja hakuwa na maneno makali, alisema tu, "Fundi, safari hii nimefunga mwenyewe, na imeingia kwa shida sana."

Fundi wetu mkuu, mzee aliyefanya kazi ya lethi tangu ujana wake, akachukua shafti ile akaipima kwa maikromita nyingine. Ikasoma 40.021. Akaipima tena na tena, hakuna tofauti. Shafti ilikuwa nene kuliko tulivyodhani, ikaitanua ringi ya ndani ya beringi mpaka nafasi ndogo ya gololi ikaisha. Beringi isiyo na nafasi hiyo lazima ichemke.

Nikatoa cheti cha maikromita ile kwenye faili, ile ya milimita 25 hadi 50. Kilikuwa na neno "imefaulu" na vipimo viwili tu: kwenye 25 na kwenye 50. Katikati hawakugusa. Na sisi kila siku tunapima pale pale, karibu na 40, kwa sababu beringi za mashine nyingi tunazohudumia ni za ukubwa huo. Skrubu ya maikromita huchakaa mahali inapofanya kazi. Kwenye ncha mbili ilikuwa nzima, katikati imeliwa.

Kuna jambo la pili ambalo nilikuja kulielewa baadaye, na ningependa kila mwenye maikromita alijue. Skrubu ikizunguka mara moja inasogea nusu milimita. Kwa hiyo anayeikagua kwa slipu geji, yaani vitofali vya chuma vyenye urefu unaojulikana, vya 5, 10, 15, 20 na 25 anaona ngoma, ile sehemu inayozungushwa, ikisimama kwenye sifuri kila mara. Hitilafu inayojitokeza skrubu ikiwa robo au nusu ya mzunguko haiwezi kuonekana. Ndiyo maana seti za slipu geji za kukagua maikromita zina namba zinazoonekana za ajabu: 2.5, 5.1, 7.7, 10.3, 12.9, 15.0, 17.6, 20.2, 22.8 na 25. Vitofali hivi vinaisimamisha ngoma mahali tofauti tofauti. Ukiona cheti chenye namba kama 5, 10 na 15 tupu, uliza.

Basi nikaghadhibika, nikaamua kila kitu kifanyike ndani. Nikanunua seti hiyo ya vitofali 10, gredi ya 1, na kitofali kimoja cha ziada cha milimita 25 ili niweze kupima maikromita ya 25 hadi 50 kwa kubandika viwili pamoja. Stoo ndogo tukaisafisha, tukaweka kiyoyozi, meza nzito, kipimajoto na daftari.

Jaribio la kwanza lilikuwa maikromita ile ile. Kwenye 25 ilikuwa sawa. Kwenye 30.1 ilisoma pungufu kwa mikroni 1, yaani milimita 0.001. Kwenye 35.3 ikapungua 3, kwenye 37.9 ikapungua 6, na kwenye 40 ikasoma 39.991, yaani mikroni 9 chini. Baada ya hapo ikaanza kurudi, mpaka kwenye 50 ilibaki pungufu kwa 1 tu. Ukiongeza zile 9 kwenye 40.012 unapata 40.021, namba ile ile aliyoisoma mzee. Tulikaa kimya kidogo tukiangalia daftari.

Kwa hiyo kukagua ndani kunafaa, na kwa maikromita na venia napendekeza bila kusita. Kazi ya maikromita moja ni kama nusu saa. Sisi hukagua kila mwisho wa mwezi, na zile za kazi nzito kila wiki kwa vitofali viwili au vitatu, kimojawapo kikiwa cha ukubwa tunaoupima sana. Kikomo tulichojiwekea ni mikroni 4. Kiwango cha shafti ile kina upana wa mikroni 16, na sitaki hitilafu ya kifaa izidi robo yake.

Lakini ndani pia kuna mitego. Wa kwanza ni joto. Vipimo vya urefu duniani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20, na Dar karakana inafika 31 bila shida. Chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 10 kinarefuka kama mikroni 11 na nusu. Hilo lenyewe halituumizi sana, kwa sababu maikromita na kitofali vyote ni chuma na vinarefuka pamoja, mradi viwe na joto moja. Kinachoumiza ni kutoa kitofali kwenye chumba baridi ukakipima kwa maikromita iliyotoka mfukoni mwa fundi. Tofauti ya nyuzi 5 kwenye milimita 50 ni karibu mikroni 3, na kikomo chetu ni 4. Sasa maikromita zinalala chumbani usiku kucha pamoja na vitofali, zinakaguliwa asubuhi, na vitofali vinashikwa kwa glavu.

Mtego wa pili ni kutu. Mwezi wa pili nilikuta alama ya kidole kwenye kitofali cha 12.9, imeshageuka kahawia. Jasho na hewa ya pwani havisamehe. Kitofali chenye kutu hakibandiki na hakiaminiki. Kile nilikinunua upya. Siku hizi tunavifuta kwa spiriti kabla ya kazi, na baada ya kazi tunavipaka mafuta mepesi ya kuzuia kutu kabla ya kuvirudisha kwenye boksi.

Wa tatu ndio uliovunja ndoto yangu ya kuachana na nje. Mkaguzi wa mteja alikuja, akaangalia daftari, akalisifu, kisha akauliza, "Na hivi vitofali, nani amevipima?" Swali la haki kabisa. ISO 9001 haikatazi ugezi wa ndani wala hailazimishi kila kifaa kiende kwenye maabara yenye ithibati. Inachotaka ni kwamba kipimo chako kiweze kufuatwa, hatua kwa hatua, mpaka kwenye vipimo vya taifa au vya kimataifa. Vitofali vyangu vilikuwa na karatasi ya kiwandani tu. Mnyororo ulikatikia mlangoni kwangu.

Basi safari ya pili ya nje nikaifanya kwa macho. Kabla ya kupeleka kitu niliomba hati ya ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara za vipimo, pamoja na orodha ya vipimo vilivyomo ndani yake. Hii orodha ndiyo muhimu. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya mizani na ya joto, na kwenye urefu isiwe nayo. Kwa Tanzania ithibati nyingi hutolewa na SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC lenye makao Gaborone; Kenya wana KENAS, na unaweza kuhakiki mwenyewe kwenye tovuti zao. TBS nao wana maabara ya ugezi, hivyo si lazima kila kitu kisafiri nje ya nchi. Niliuliza pia watapima sehemu ngapi, wataandika namba za kabla ya kurekebisha, na shaka ya kipimo chao, yaani kiasi ambacho kipimo chenyewe kinaweza kukosea, ni kiasi gani.

Niliyoichagua mara ya pili ilikuwa ghali zaidi kwa kila kifaa, lakini nilipeleka vichache: vitofali, fimbo za kusetia maikromita, spana ya toki na geji ya presha. Hizo mbili za mwisho sina uwezo wa kuzikagua mwenyewe. Siku 12, na kazi karakanani haikusimama hata siku moja kwa sababu maikromita zote zilibaki mezani. Cheti kilikuja na kila kitofali na hitilafu yake, shaka ya kipimo, joto la chumba siku ile na namba ya kifaa walichotumia. Kitofali cha 15 kilikuwa na hitilafu ya mikroni 0.2, ambayo iko ndani ya gredi yake. Nimeibandika nakala ukutani juu ya meza, na mafundi wanaisoma.

Kwa anayeuliza kama vifaa vyake ni vichache sana, tuseme maikromita mbili na venia moja: peleka nje zote, seti ya vitofali haitakulipa. Ila dai vipimo vya katikati, na taja kwa maandishi ukubwa unaoupima kila siku. Kuanzia kama maikromita nne hivi hesabu inageuka, hasa ukihesabu siku ambazo karakana inakaa bila vifaa.

Maikromita ile ya 25 hadi 50 tuliipaka rangi nyekundu kwenye fremu. Inatumika kwa malighafi tu, kabla chuma hakijaingia lethi. Mteja wa beringi 6208 tulimtengenezea shafti ya tatu bila malipo, ikasoma 40.010 kwa maikromita iliyokaguliwa asubuhi hiyo. Mashine yake inasaga mpaka leo.